Umeiandikia ofisi ya kodi mara tatu na hujajibiwa: ulalamike wapi, na siku zako zinahesabiwaje

Kila tunapozungumzia kodi kwenye kipindi cha asubuhi, simu zinazotoka Kimuli, Nkwenda, Kayanga na vijiji vya jirani huwa na swali moja lenye sura nyingi. Mtu hapingi kulipa kodi. Anachosema ni kwamba alikadiriwa kodi asiyoielewa, akaandika barua, hakujibiwa. Akaandika ya pili, kimya. Alipokwenda mwenyewe ofisini, nauli ya pikipiki na gari ikiwa juu yake, akaambiwa faili linashughulikiwa, arudi wiki ijayo. Swali lake kwetu: sasa nalalamika kwa nani?

Jibu lipo, kwa sababu Tanzania sasa ina taasisi ya kupokea malalamiko ya namna hiyo. Lakini kabla ya kukuelekeza huko tunataka uelewe jambo moja ambalo wengi wanalijua wakati wameshachelewa. Kimya cha ofisi hakisimamishi siku za kisheria. Siku zinaendelea kuhesabiwa hata kama hakuna aliyekujibu, na ikifika tarehe fulani kimya chenyewe kinageuka kuwa uamuzi dhidi yako.

Kwanza, hakikisha kweli una shauri

Sheria inayotawala mambo haya ni Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438. Ukiletewa makadirio ya kodi usiyokubaliana nayo, una siku 30 tangu uyapokee kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu wa TRA, ukieleza sababu zako. Ndani ya siku hizo hizo 30 unatakiwa pia ulipe sehemu ya kodi: ama ile kodi unayokubali kuwa unadaiwa, ama theluthi moja ya kodi yote uliyokadiriwa, ukichagua ile iliyo kubwa. Kama huna uwezo wa kulipa kiasi hicho, unaweza kumwomba Kamishna Mkuu, kwa barua yenye sababu nzuri, akuruhusu kulipa pungufu. Na kama kuna jambo lililokuzuia kuwahi, mfano ulikuwa nje ya nchi au ulikuwa mgonjwa, unaweza kuomba kuongezewa muda, ila usingoje siku ziishe ndipo uombe.

Hapa ndipo watu wengi wa kwetu wanapoanguka. Mtu anaandika barua nzuri ya kulalamika, "kodi hii ni kubwa, biashara yangu ni ndogo, naomba mnifikirie", anaipeleka na kurudi nyumbani kusubiri. Kumbe hakusema popote kwamba anapinga makadirio fulani, hakutaja namba yake, wala hakulipa ile sehemu. Kwa sheria, pingamizi la namna hiyo halikubaliwi kuingia. Miezi sita baadaye anasema shauri lake limekwama, wakati halikuwahi kufunguliwa, na zile siku 30 zilipita zamani na makadirio yakawa ya mwisho.

Kwa hiyo ukifika ofisini usiulize, "Barua yangu imefikia wapi?" Uliza hivi: "Pingamizi langu limekubaliwa? Kwa barua ya tarehe gani?" Swali la kwanza unaweza kujibiwa kwa maneno matamu ukaondoka nayo. La pili linahitaji tarehe.

Jambo jingine la kuchunguza kabla hujamlaumu mtu ni anwani yako. Wengi wetu TIN tulifunguliwa na kijana wa steshenari. Aliweka namba ya simu tuliyokuwa nayo wakati ule na akatengeneza barua pepe ambayo nywila yake anaijua yeye, kama bado anaikumbuka. Siku hizi taarifa nyingi za kodi zinatumwa kwa njia hizo. Inawezekana ulijibiwa ila jibu limelala kwenye barua pepe ambayo hujawahi kuifungua. Piga simu ya bure ya TRA, 0800 780 078 au 0800 750 075, uwaulize ni simu na barua pepe gani zilizo kwenye TIN yako. Zikiwa za zamani zibadilishe kwanza. Kama ulimtumia mshauri wa kodi, muulize pia, kwa sababu huenda barua zinaenda kwake.

Tuchukue mfano

Mfano huu tumeutunga wenyewe ili hesabu zionekane, lakini kila hatua yake ni ya sheria ilivyo.

Kuna mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kimuli. Tarehe 10 Machi anapokea makadirio ya nyongeza ya kodi ya miaka 3, jumla shilingi 3,600,000. Afisa amechukua risiti za EFD za mzigo alionunua Bukoba kwa TIN yake, akakadiria mauzo yake kutokana na mzigo huo. Tatizo ni kwamba sehemu ya mabati na saruji hayakuwa ya duka. Kamati ya ujenzi ya shule ilimpa fedha awanunulie kwa sababu yeye ana gari la mzigo, na risiti zikatoka kwa jina lake. Anakubali kuwa katika hiyo kodi anadaiwa shilingi 900,000, si zaidi.

Siku zake 30 zinaishia tarehe 9 Aprili. Theluthi ya 3,600,000 ni 1,200,000. Kwa kuwa hiyo ni kubwa kuliko 900,000 anayoikubali, anachotakiwa kulipa ni 1,200,000. Angekuwa anakubali 1,500,000, basi angelipa hiyo 1,500,000. Anachukua kontrol namba, analipa, anatunza risiti, na tarehe 2 Aprili anapeleka pingamizi pamoja na muhtasari wa kikao cha kamati ya shule na hati za kukabidhi mzigo. Tarehe 14 Aprili anapata barua kwamba pingamizi limekubaliwa.

Tarehe hiyo ya 14 Aprili aiandike ukutani, maana Kamishna Mkuu ana miezi sita kuamua pingamizi, kuanzia siku lilipokubaliwa. Kwa mama yetu, miezi sita inaishia tarehe 14 Oktoba.

Sasa tuseme anasubiri. Tarehe 20 Juni anaandika kuulizia, hajibiwi. Tarehe 15 Agosti anaandika tena, hajibiwi. Itakuwaje ikifika 14 Oktoba bila uamuzi? Watu wengi wanadhani ofisi ikishindwa kujibu kwa wakati, basi mlipakodi ameshinda. Ni kinyume kabisa. Sheria inasema muda huo ukipita bila uamuzi, makadirio yanahesabiwa kuwa yamethibitishwa, na mlipakodi anapata haki ya kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Ile shilingi 3,600,000 inasimama yote, kana kwamba kuna mtu amekaa, amesoma hati za kamati ya shule na kuzikataa.

Na rufaa nayo ina siku zake, kwa Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa inawasilishwa ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Mama yetu, ili awe upande salama, azihesabu zote mbili kuanzia 14 Oktoba: taarifa isizidi 13 Novemba, na rufaa isizidi 28 Novemba. Akikaa nyumbani akisubiri jibu la barua ya Agosti hadi Desemba, atakuwa amepoteza nafasi ya rufaa bila kusikia neno "hapana" kutoka kwa mtu yeyote. Atabaki kuomba kuongezewa muda, na hapo itabidi aeleze kwa nini alichelewa.

Tukiri kwamba sisi wenyewe tulipoelezwa utaratibu huu mara ya kwanza tulirudia kuuliza, tukidhani tumesikia vibaya.

Dawati la malalamiko lenyewe

Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, Sheria ya Usimamizi wa Kodi iliongezewa sehemu inayoanzisha ofisi ya msuluhishi wa malalamiko ya kodi. Leo inajulikana kama Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, kwa kifupi TOST. Si idara ya TRA, na kazi yake ni kushughulikia malalamiko ya walipakodi kuhusu TRA inavyowahudumia na kufuata taratibu.

Shika hayo maneno mawili, huduma na taratibu. Barua isiyojibiwa ni suala la huduma. Pingamizi lililokaa miezi mitano bila kuguswa ni suala la utaratibu. Hayo yote TOST inaweza kuyapokea. Lakini ukiwaandikia kwamba kodi iliyokadiriwa ni kubwa na unaomba waipunguze, umepeleka jambo ambalo si lao. Kiasi cha kodi kinabishaniwa kwa pingamizi na rufaa. Sheria inawazuia pia kuingilia sera na sheria ya kodi yenyewe, na wanazuiwa kugusa jambo ambalo tayari liko mbele ya Bodi, Baraza la Rufani za Kodi au mahakama. Hata pingamizi lenyewe hawaligusi, isipokuwa upande wake wa kiutendaji, yaani namna linavyoshughulikiwa. Upande huo ndio mlango wako.

Wenzetu wa Afrika Kusini walianza mapema kidogo, msuluhishi wao wa kwanza akiteuliwa mwaka 2013, na mipaka yao inafanana na yetu. Mwaka 2017 ofisi ile ilitoa ripoti kubwa juu ya marejesho ya kodi yaliyokuwa yakicheleweshwa. Haikubishana na mtu kuhusu kodi yake ni kiasi gani. Ilichofuatilia ni kwa nini fedha hazitoki na faili linakwama mezani kwa nani.

Sharti lingine ni kwamba kabla ya kwenda TOST unatakiwa uwe umetumia kwanza njia za malalamiko zilizopo ndani ya TRA, isipokuwa kama kuna sababu nzito ya kuziruka. Kwa hiyo barua zako mbili za kuulizia hazikupotea bure. Ndizo ushahidi kwamba ulianza ndani, ilimradi uweze kuonyesha kuwa zilifika.

Kuonyesha kuwa barua ilifika

Kila barua itoe nakala mbili. Moja unaiacha ofisini, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na aliyeipokea anaandika jina na kusaini. Mpokeaji akisema muhuri hauko, aandike kwa mkono. Ukituma kwa posta, tuma kwa rejesta utunze stakabadhi. Ukituma kwa barua pepe, usiifute, na ipige picha ikiwa na tarehe.

Kichwa cha barua kisibadilike. Tumeona barua za wasikilizaji ambapo ya kwanza ina kichwa "Ombi la kupunguziwa", ya pili "Malalamiko dhidi ya afisa", ya tatu "Kuomba huruma". Kwa mtunza masijala hizo ni barua tatu za mambo matatu, na kila moja inaweza kuingia faili lake. Kila mara andika TIN, namba ya makadirio, tarehe ya pingamizi, na kumbukumbu namba ya barua waliyokuletea wao. Barua ya pili iitaje ya kwanza kwa tarehe, na ya tatu izitaje zote mbili.

Na ukienda ofisini ukajibiwa kwa mdomo, ukifika nyumbani andika barua fupi: "Nilifika ofisini kwenu tarehe fulani, nikaelezwa kwamba faili linashughulikiwa na nirudi baada ya wiki moja." Ipeleke igongwe muhuri. Neno la mdomo limeingia kwenye karatasi bila kugombana na mtu.

Ndani ya TRA, barua ya kwanza ya kuulizia inakwenda kwa meneja wa ofisi ya wilaya inayokuhudumia. Isipojibiwa, ya pili nakala yake iende kwa meneja wa mkoa Bukoba. Tunapendekeza mama yetu asiwe amengoja hadi 15 Agosti ndipo amfikie meneja wa mkoa. Angefanya hivyo mwanzoni mwa Julai, akaipa ofisi wiki tatu au nne, basi mwanzoni mwa Agosti angekuwa tayari kwenda TOST na miezi miwili na zaidi ikiwa bado mkononi. Hizo wiki tatu au nne ni ushauri wetu, hazitokani na sheria. Malalamiko yanayofika TOST tarehe 10 Oktoba, zikiwa zimebaki siku nne, hata yakishughulikiwa kwa bidii hayana muda wa kusaidia.

Barua ya malalamiko iandikweje

Iwe ukurasa mmoja. Usisimulie historia ya duka wala usimtukane afisa. Mama yetu angeweza kuandika hivi:

*YAH: MALALAMIKO YA KUTOJIBIWA BARUA NA KUCHELEWA KWA PINGAMIZI LA KODI*

*Mimi ni mfanyabiashara wa Kimuli, Wilaya ya Kyerwa, TIN yangu ni hii hapa juu. Tarehe 2 Aprili niliwasilisha pingamizi dhidi ya makadirio niliyopokea tarehe 10 Machi, na nililipa shilingi 1,200,000 kama sheria inavyotaka. Pingamizi lilikubaliwa kwa barua ya tarehe 14 Aprili.*

*Niliandika kuulizia maendeleo tarehe 20 Juni kwa ofisi ya wilaya, na tarehe 6 Julai kwa ofisi ya mkoa. Barua zote zilipokelewa, nakala zenye mihuri nimeambatanisha. Hadi leo sijajibiwa wala kuitwa kuhojiwa juu ya vielelezo vyangu.*

*Muda wa miezi sita wa kuamua pingamizi unaisha tarehe 14 Oktoba. Siombi ofisi yako iamue kiasi cha kodi. Ninaomba mambo mawili: nijibiwe barua zangu kwa maandishi, na pingamizi langu lisikilizwe na kuamuliwa kabla ya tarehe hiyo.*

Aambatanishe nakala ya makadirio, pingamizi, risiti ya malipo, barua ya kukubaliwa na zile barua mbili. Nakala, si karatasi halisi. Karatasi halisi zibaki nyumbani kwenye bahasha moja.

Ona kwamba ameandika wazi asichoomba. Sentensi hiyo moja inamsaidia anayesoma kuamua mara moja kwamba jambo hili liko ndani ya mamlaka yake. Na ombi lake linapimika: ama amejibiwa kabla ya 14 Oktoba ama hajajibiwa. Aliyeandika "naomba haki itendeke" hana namna ya kusema baadaye kama ilitendeka.

Usichotarajie

TOST inasuluhisha na kupendekeza, si mahakama. Haitafuta kodi yako. Na hili tulirudie kwa sababu ndilo linaloumiza watu: kupeleka malalamiko TOST hakuongezi siku za rufaa. Mama yetu akiwa amelalamika Agosti, na Oktoba ikafika bila uamuzi, anatakiwa kuandaa taarifa ya rufaa kwa Bodi hata kama TOST wamempigia simu wakamwambia wanafuatilia. Shauri likishafika mbele ya Bodi, nalo si la TOST tena.

Riba pia haingoji. Pingamizi likishindwa, kodi iliyobaki inaweza kudaiwa pamoja na riba ya muda wote ambao haikulipwa, hata ule muda ambao faili lilikuwa limelala mezani kwao. Kwa sababu hiyo ile sehemu unayoikubali ilipe yote mapema, usiishie kwenye theluthi kama unajua unadaiwa zaidi.

Na kama kimya chenyewe kinakuja na mtu anayekunong'oneza kwamba faili litatembea ukitoa kitu kidogo, hayo si malalamiko ya huduma tena. Hiyo ni rushwa, na namba ya TAKUKURU ni 113, bila malipo.

Msikilizaji mmoja alituuliza kama mtu asiyejua kuandika vizuri anaweza kusaidiwa. Anaweza. Mtoto wa shule, mwalimu au mtendaji wa kijiji anaweza kukuandikia, mradi usaini mwenyewe au uweke dole gumba, na mradi namba ya simu inayoandikwa pale juu iwe ya kwako, simu unayotembea nayo kila siku.